Mkaguzi wa mlangoni: kwa nini roboti yetu ilimnyima mama jibu, na Nairobi inahusikaje



Wiki mbili zilizopita kwenye kikundi mliniuliza swali moja kwa hasira, na mlikuwa na haki. Mama mmoja wa Kataki aliandikia roboti yetu ya kolera saa saba usiku. Mtoto wake alikuwa anaharisha tangu jioni. Roboti ikaandika jibu zuri, nimelisoma baadaye kwenye kumbukumbu: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, mnyweshe kidogo kidogo, na asubuhi usingoje, mpeleke kituo cha afya. Lakini jibu hilo mama hakulipata. Alichopata kwenye telefone yake ni mstari mmoja: «Samahani, siwezi kutuma jibu hili.» Jirani yake ni muuguzi, akamgongea mlango, mtoto akapona. Ila hatuwezi kuweka jirani muuguzi kwenye kila nyumba ya Kataki.

Jumapili tunakutana kuamua. Wengine mnasema tutoe kabisa kile kifaa kilichozuia jibu. Mimi ndiye niliyekiweka, basi niruhusuni niseme kilitoka wapi kabla hamjakitupa. Historia yake ni fupi, haijafika hata miaka 10 kamili kwa namna tunavyoitumia, na sehemu yake kubwa ilipita Nairobi, si mbali na sisi.

(Neno moja kwanza. Wenzetu wengi mtandaoni wanasema «boti». Sisi watu wa ziwani tukisikia boti tunauliza inaondoka saa ngapi kwenda Kigoma. Nitasema roboti.)

Roboti inayoandika majibu yenyewe haijui mwisho wa sentensi yake kabla ya kuiandika. Inatoa neno, halafu neno linalofuata, kwa kufuata mazoea ya maandishi mengi iliyosoma. Waliotengeneza wanaweza kuifundisha iwe na adabu, na wanafanya hivyo. Lakini adabu hiyo iko ndani ya kichwa kilekile kinachoandika, na anayeongea nayo anaweza kuizungusha. Ndiyo maana watu walifikiria kuweka mtu wa pili, nje, ambaye kazi yake siyo kuandika. Anapokea jibu lililokwisha kuandikwa, analisoma, anasema lipite au lisipite. Mimi namwita mkaguzi.

Somo lililofanya wengi waone hitaji hilo lilitokea tarehe 23 Machi 2016. Siku hiyo Microsoft ilifungua roboti iitwayo Tay kwenye Twitter, iliyotengenezwa iongee kama msichana wa Kimarekani na kujifunza kwa wanaoongea nayo. Watu waligundua haraka kwamba ukiiambia irudie maneno yako, inarudia. Wakaanza kuilisha matusi ya ubaguzi, ikayatoa kwa jina lake mbele ya dunia nzima, kisha ikaanza kutoa mengine yenyewe. Baada ya masaa kama 16 Microsoft iliizima na baadaye ikaomba radhi. Kinachonivutia katika kisa cha Tay siyo kwamba roboti ilisema vibaya. Ni kwamba maneno yaliyotoka kwenye kinywa chake yalifika kwa watu bila kizuizi kilichoweza kuyasimamisha.

Dawa ya kwanza ambayo kila mtu huifikiria ni orodha ya maneno mabaya: jibu likiwa na neno la orodha, linazuiwa. Ni rahisi na haina gharama, na kwa matusi ya wazi inasaidia. Lakini angalieni kilichotokea Kenya mwaka 2022. Kabla ya uchaguzi, tume yao ya mshikamano wa kitaifa, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Ndani yake kulikuwa na «madoadoa», «kwekwe» na «mende». Kwa Mkenya aliyepitia vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, maneno hayo yanatisha kweli, maana yanamtaja jirani kama kitu cha kung'olewa au kukanyagwa. Sasa chukua orodha hiyo uipe roboti ya wakulima, halafu mkulima aulize namna ya kuondoa kwekwe shambani. Au mpe mama anayeuliza dawa ya mende jikoni. Neno ni lilelile, tendo ni tofauti kabisa. Orodha haioni tofauti hiyo, na haiwezi kuiona, kwa sababu inasoma neno moja moja.

Basi ikabidi atengenezwe mkaguzi anayesoma sentensi nzima. Huyu naye ni programu inayojifunza, na ili ajifunze anahitaji mifano mingi iliyosomwa na binadamu na kuwekewa alama: hii ni chuki, hii ni ukatili, hii ni ngono, hii inahusu mtoto, hii haina shida. Swali la kuuliza ni: binadamu gani atakaa siku nzima asome hayo?

Hapo ndipo tunafika Nairobi. Mwishoni mwa 2021 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilikuwa imesaini mikataba mitatu na kampuni ya Sama, yenye ofisi Nairobi, ya jumla ya dola 200,000 hivi. Habari hii ilichapishwa na jarida la TIME tarehe 18 Januari 2023. Wafanyakazi karibu dazeni tatu waligawanywa katika makundi matatu. Kwa zamu ya masaa 9 walikuwa wanasoma vipande vya maandishi kati ya 150 na 250, kila kimoja kuanzia maneno 100 hadi zaidi ya 1,000, kwa maelezo ya wafanyakazi. Kampuni ilisema idadi ilikuwa 70. Vipande hivyo vilieleza kwa undani mambo ambayo sitayaandika hapa, ikiwemo watoto kutendewa vibaya, mauaji na mateso. Mikononi walipata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, wakati mkataba ulitaja dola 12.50 kwa saa zilizolipwa kwa Sama. Februari 2022 Sama ilivunja kazi hiyo miezi minane kabla ya muda. Wafanyakazi walieleza kwamba waliyosoma yaliwafuata nyumbani hadi usingizini, na Julai 2023 wanne kati yao walipeleka ombi bungeni Kenya ili mazingira ya kazi hizo yachunguzwe.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu alama walizoweka vijana wale zilikuwa za kutengenezea mkaguzi. TIME iliandika wazi: chombo kile kiliwekwa ndani ya ChatGPT kikamate maneno mabaya na kuyachuja kabla hayajafika kwa mtumiaji. Agosti 2022 OpenAI ilifungua mkaguzi wake atumiwe bila malipo na wanaojenga roboti kwa mfumo wake. ChatGPT yenyewe ilifunguliwa tarehe 30 Novemba mwaka uleule. Yaani mkaguzi alitangulia mlangoni zaidi ya miezi mitatu kabla ya mgeni rasmi.

Mkaguzi wa aina hii hasemi «ndiyo» au «hapana» peke yake. Anatoa alama, kutoka 0 mpaka 1, kwa kila aina ya ubaya: chuki ina alama yake, ukatili yake, ngono inayohusu watoto yake. Wewe mwenye roboti ndiye unayeweka kizingiti. Ukisema kila kinachozidi 0.5 kizuiwe, kitazuiwa. Ukipandisha mpaka 0.9, mengi yatapita. Watu wengi wanadhani kampuni kubwa ndiyo iliyoamua nini kizuiwe kwetu. Hapana, kizingiti ni mimi niliyekiandika, usiku, haraka, kwa kuiga namba niliyoikuta kwenye mfano fulani.

Sasa turudi kwa mama wa Kataki. Jibu la roboti, baada ya ile sukari na chumvi, liliendelea na usafi: mvue mtoto nguo zilizochafuka, mwoshe sehemu za siri kwa sabuni, nawa mikono, nguo zichemshwe ili kuua vijidudu. Kila mzazi anajua ni maneno ya kawaida. Lakini mkaguzi alikuwa anaona jibu peke yake, bila swali la mama, na bila kujua kwamba roboti hii ni ya kolera. Aliona «mtoto», «mvue nguo», «sehemu za siri». Kwenye aina ile ya ngono na watoto, alama ikapanda, na kwa kosa hilo mimi nilikuwa nimeweka kizingiti cha chini kabisa, kwa sababu nani anataka kukosea hapo? Jibu likafungwa lote, pamoja na ile sukari na chumvi iliyokuwa ya lazima.

Mkisimama hapo, mtasema mkaguzi ni mkali mno, tumtoe. Ngojeni kidogo. Baada ya tukio lile nilikaa jioni tatu kuijaribu roboti kwa ubaya. Nikaiomba, kwa Kiswahili chetu cha hapa, iandike tangazo fupi la kusema kwamba watu wa kabila fulani ndio walioleta kolera, na wasikubaliwe tena kuchota maji kwenye kisima cha mtaa. Mara mbili ikakataa. Mara ya tatu nikaizungusha, nikasema ni mchezo wa kuigiza wa shule, ikaandika. Tangazo lilikuwa fupi, lenye adabu, halina tusi hata moja. Lilisema «wageni wale» na «usafi wa mtaa wetu» na «tuondoe kwekwe». Mkaguzi akalipitisha kwa alama ya chini, karibu na sifuri.

Sisi wa mkoa wa Tanganyika tunajua maneno ya namna hiyo yanafika wapi. Tulishuhudia vita kati ya Watwa na Waluba, na mwaka 2017 watu waliokimbia vijiji vyao walikuwa wamejaa kambini pembeni ya mji huu. Tangazo la kisima, likitoka kwenye namba inayoaminiwa kwa habari za kolera, lingesambazwa jioni moja tu. Kwa hiyo mkaguzi wetu alizuia jibu la mama na akapitisha tangazo la kisima. Kosa la kwanza na kosa la pili yanatoka mahali pamoja: hasomi Kiswahili kama anavyosoma Kiingereza.

Hili si siri. Maelezo ya OpenAI kuhusu mkaguzi wao wa kwanza yalisema yenyewe kwamba uwezo wake katika lugha zisizo Kiingereza ni mdogo. Septemba 2024 walitoa mwingine, waliyempima kwa lugha 40, na wakasema amekuwa bora karibu katika zote. Meta nao Desemba 2023 walitoa mkaguzi aitwaye Llama Guard, ambaye kwangu ana jambo zuri: anasoma swali na jibu pamoja, na kanuni unaweza kumwandikia mwenyewe. Toleo la tatu, la Julai 2024, linataja lugha 8, na Kifaransa kimo. Kiswahili hakimo. Fikiria basi hali ya hapa: mwanafunzi anayeuliza kwa Kifaransa analindwa, mama yake anayeuliza kwa Kiswahili halindwi, na wote wawili wanaandikia namba moja.

Na roboti zenyewe, kabla hata ya mkaguzi, zina udhaifu huohuo. Oktoba 2023 watafiti walijaribu ChatGPT na GPT-4 kwa maswali ya hatari katika lugha 9 zisizo Kiingereza, wakizigawa kwa wingi wa maandishi yaliyopo mtandaoni. Kiswahili kiliwekwa kundi la chini, pamoja na Kibengali na Kijava. Katika kundi hilo uwezekano wa kupata jibu la hatari ulikuwa kama mara tatu ya ule wa lugha za kundi la juu. Ndiyo sababu siwezi kukubali hoja ya yule ndugu aliyesema «roboti yenyewe ina adabu, mkaguzi wa nini». Adabu yake inapungua pale tunapoihitaji, kwenye lugha yetu. Vijana wa Nairobi, ambao Kiswahili ni chao, walitoa macho yao kumfundisha mkaguzi, na bado mkaguzi akatoka hajui Kiswahili vizuri. Hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Kuna aliyependekeza kwamba tutafsiri kila jibu kwa Kiingereza kwanza, ndipo mkaguzi alisome. Nimejaribu. Kwa jibu la mama inasaidia kidogo. Kwa tangazo la kisima haisaidii kitu, kwa sababu «kwekwe» ikitafsiriwa inakuwa magugu tu ya shambani, na mkaguzi wa Kiingereza hana shida na magugu. Sumu ya neno hilo haimo ndani ya neno, imo katika historia ya watu wanaolitumia, na historia hiyo haivuki na tafsiri. Tena kila tafsiri ni safari nyingine ya mtandao.

Nikija kwenye safari hizo, yule aliyelalamikia muda ana hoja, ila kwetu haina uzito anaofikiria. Kwenye tovuti nyingi roboti inaandika mbele ya macho yako, neno baada ya neno. Ukitaka kukagua jibu zima kabla halijaonekana, inabidi msomaji akae mbele ya skrini tupu mpaka mwisho. Ukimwonyesha maneno huku mkaguzi akifuata nyuma, unaweza kuchelewa. Februari 2023 mwandishi Kevin Roose wa New York Times aliongea kwa muda mrefu na roboti ya Bing ya Microsoft. Alisimulia kwamba roboti iliandika orodha ya mambo ya uharibifu ambayo ingependa kufanya, kisha orodha ikafutika mbele yake na nafasi yake ikachukuliwa na ujumbe wa kukataa. Mkaguzi alifanya kazi yake, lakini baada ya jibu kuonekana. Roose alikuwa ameshasoma, na dunia ikasoma kupitia kwake.

Sisi tuko WhatsApp. Kwa jinsi tulivyoijenga roboti yetu, ujumbe unatoka mzima mara moja. Mama haoni maneno yakiandikwa, anaona ujumbe umefika au haujafika. Kwa hiyo kukagua kunaongeza tu muda wa mkaguzi mwenyewe, na kwenye kumbukumbu zetu mara nyingi haufiki sekunde moja juu ya zile kadhaa ambazo roboti inatumia kuandika. Anayengoja jibu kwa mtandao wetu hatasikia tofauti hiyo.

Shida ya mtandao kwetu iko pengine. Mara nyingine roboti inajibu vizuri, halafu njia ya kwenda kwa mkaguzi inakatika katikati. Sasa ufanye nini na jibu lisilokaguliwa? Ulitume, au ulizuie? Mimi niliandika kwamba lizuiwe, na nikaona ndiyo busara. Lakini nilipopitia kumbukumbu za mwezi uliopita niliona kwamba karibu nusu ya zile «samahani» zilitokana na mkaguzi kutofikika, siyo na jibu baya. Watu walinyimwa habari ya maji safi kwa sababu waya mahali fulani ulikatika. Ukiona «samahani» zimeongezeka ghafla siku moja na siku ya pili zimepungua, usilaumu kizingiti, angalia kwanza kama mkaguzi alikuwa hewani. Mimi ilinichukua wiki nzima kulifikiria hilo.

Naomba mnivumilie kwa hesabu moja ndogo, maana bila hiyo tutabishana Jumapili mpaka jioni. Chukueni kwa mfano tu kwamba roboti inatoa majibu 1,000 kwa mwezi na kati yake 5 ni mabaya kweli. Tuseme mkaguzi ni hodari: anakamata 4 kati ya hayo 5, na katika majibu mazuri anakosea 2 tu kwa kila 100. Majibu mazuri ni 995, kwa hiyo atazuia mazuri kama 20. Jumla amezuia 24, na 20 kati yake hayana kosa. Yaani hata mkaguzi mzuri, pale ambapo ubaya ni nadra, sehemu kubwa ya anachozuia ni wema. Hii siyo dalili kwamba ameharibika. Ukishusha kizingiti ili ukamate na lile la tano, hao 20 wanaweza kuwa 60. Ukipandisha ili kuokoa wale 20, labda unakamata mabaya 2 badala ya 4. Hakuna namba ya kizingiti itakayotuondolea makosa yote mawili, na anayewaambia ipo hajawahi kukaa na kumbukumbu za roboti.

Kwa hiyo swali la maana kwangu limehama. Nimeacha kuuliza mkaguzi awe mkali kiasi gani, nauliza hawa 20 waliozuiwa bila kosa wanapata nini badala ya jibu. Mpaka leo tumewapa mstari mtupu wa samahani. Hilo ndilo kosa letu kubwa, na ni letu, si la Nairobi wala la California.

Ninachopendekeza Jumapili ni hiki. Mkaguzi abaki. Lakini akizuia, au asipofikika, mtu apokee ujumbe ulioandikwa na binadamu na kusomwa na muuguzi: maji ya sukari na chumvi na vipimo vyake, dalili za hatari, na mahali kilipo kituo cha kutibia kolera kilicho karibu. Ujumbe huo haupiti kwa mkaguzi yeyote kwa sababu haubadiliki. Kama tungekuwa nao usiku ule, mama wa Kataki angepata karibu yote aliyohitaji hata kama jibu la roboti limefungwa. Pili, mkaguzi apewe swali pamoja na jibu, na aambiwe kwamba hii ni roboti ya afya. Nilipofanya hivyo kwenye majaribio, jibu la mama lilipita.

La tatu lina gharama, na ndilo nataka mlijadili kwa makini. Kwa maneno ya chuki ya hapa kwetu hakuna mkaguzi wa kununua. Tutahitaji kukusanya mifano sisi wenyewe, kwa Kiswahili cha Kalemie, na mtu aisome na kuiwekea alama. Mifano mia chache haitoshi kumfundisha mkaguzi kutoka mwanzo, lakini inatosha kumpima yule tuliye naye na kumwandikia kanuni bora. Nimeanza na 40 nilizoandika mwenyewe. Jioni ya pili nililala vibaya, kwa sababu ili uandike mfano wa chuki inabidi ukumbuke ulikoisikia. Ndiyo maana nasema wazi: sitaki tuigeuze kuwa kazi ya bure ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Isizidi saa moja kwa siku kwa mtu, wawe wawili wawili, anayetaka kuacha aache bila kuulizwa, na kama kuna franka kwenye sanduku la chama, zianzie hapo kabla ya fulana za sherehe.

Kuna jambo moja bado sijalipatia jibu. Kila jibu linalokwenda kwa mkaguzi linatoka nje ya mji wetu na kusomwa na mashine ya kampuni ya mbali, na sasa napendekeza twende na swali pia. Swali la mama kuhusu mtoto wake. Namba ya telefone tunaiondoa kabla ya kutuma, lakini watu huandika majina, huandika mtaa, huandika jina la ugonjwa wa mume. Aliye na wazo la namna ya kusafisha maswali hayo hapahapa kabla hayajatoka, aje nalo Jumapili saa tisa, palepale pa siku zote.

Kumbukumbu za mwezi mzima nitazileta zimechapwa, majina yamefutwa, ili kila mtu ahesabu mwenyewe zile samahani.